Utafiti tendaji darasani: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Majibu haya yamelenga mwalimu wa shule ya msingi au sekondari anayetaka kuchunguza ufundishaji wake mwenyewe. Nimeufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Sita anayeona kwamba wanafunzi walewale ndio wanaojibu maswali kila siku. Darasa hilo na takwimu zake nimevitunga ili hesabu za kila hatua zionekane, lakini tatizo lenyewe nadhani kila mwalimu analifahamu.

Utafiti tendaji ni nini, na mzunguko wake una hatua zipi?

Ni uchunguzi ambao mwalimu anaufanya juu ya kazi yake mwenyewe, akiwa anaifanya, kwa nia ya kuibadilisha. Hatua zake nne zinajulikana: kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari. Ukishatafakari unapanga upya, ndipo mzunguko wa pili unapoanza pale wa kwanza ulipoishia.

Wazo hili linahusishwa na Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyetoka Ujerumani akafanya kazi Marekani, ambaye mwaka 1946 alieleza namna ya kupanga, kutenda na kupima matokeo kwa awamu zinazofuatana. Katika miaka ya 1970 Lawrence Stenhouse, nchini Uingereza, alisisitiza kwamba mtaala hauboreki mpaka walimu wenyewe wawe watafiti wa madarasa yao. Mchoro wa mzunguko wenye hatua nne, unaofundishwa katika vyuo vingi vya ualimu, ulienezwa na Stephen Kemmis na Robin McTaggart wa Australia.

Mbona kila mwalimu makini hutafakari baada ya kipindi? Tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye ushahidi, na hasa ushahidi uliokusanywa kabla hujabadilisha kitu. Mwalimu akitoka darasani baada ya kipindi kilichochangamka, anakumbuka mikono iliyonyooshwa. Anawakumbuka wanafunzi aliokuwa akiwatazama, nao ndio waliokuwa wakijibu. Wale wengi walioinamia madaftari hawamo katika kumbukumbu yake, kwa hiyo hata akitafakari kwa unyofu namna gani, anatafakari juu ya darasa ambalo ni sehemu ndogo tu ya darasa lake.

Mtafiti tendaji hujiwekea kizuizi dhidi ya hilo. Anahesabu, anarekodi, anaomba mwenzake atazame, kisha anatafakari akiwa na karatasi mkononi. Kwa maoni yangu hatua ya kuchunguza ndiyo inayoubeba mzunguko mzima, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ripoti nyingi za walimu wanafunzi zina mpango wa kurasa tatu na tafakari ya kurasa mbili, lakini kati yake kuna sentensi moja tu: «Wanafunzi walishiriki vizuri.»

Swali langu la utafiti liweje?

Liwe juu ya jambo unalolifanya wewe na ambalo uko huru kulibadilisha wiki ijayo. «Kwa nini wanafunzi wangu hawapendi Hisabati?» ni swali zito, lakini majibu yake yako nyumbani, katika madarasa ya chini na kwenye mambo ambayo huna mamlaka nayo. Mara nyingi swali la aina hiyo huishia kuwalaumu watoto au wazazi wao.

Mwalimu wa mfano wetu alianza na «Wanafunzi wengi hawashiriki.» Mwenzake akamwuliza: wewe unafanya nini wakati hawashiriki? Hapo swali likageuka: «Nikibadilisha namna ninavyouliza na kumchagua wa kujibu, je, wale ambao hawasikiki wataanza kujibu, na je, wataelewa zaidi?» Swali hili lina kitendo cha mwalimu, lina kundi la wanafunzi linalotajwa, na lina mambo mawili yanayoweza kupimwa. Angalia pia kwamba kujibu na kuelewa vimetenganishwa. Darasa linaweza kuchangamka sana bila mtu kujifunza kitu.

Nakusanya nini kabla ya kubadilisha chochote?

Kidogo, lakini kwa utaratibu. Mwalimu wetu ana wanafunzi 64. Alichora ramani ya madawati kwenye karatasi moja, kila mwanafunzi na namba yake ya mahudhurio. Mwenzake mwenye nafasi alikaa nyuma kwa vipindi vitatu vya mada ya sehemu, akiweka alama kwenye namba ya kila aliyejibu. Darasa lilipojibu kwa pamoja, alama iliwekwa pembeni. Simu ya mwalimu ilikuwa mezani ikirekodi sauti, ili baadaye apime muda kati ya mwisho wa swali na jina la kwanza kutajwa. Mwisho wa kila kipindi wanafunzi walipewa kikaratasi chenye maswali matatu mafupi, wakajibu bila kusaidiana.

Matokeo yalimshtua. Kati ya maswali 75, 20 yalijibiwa na darasa zima kwa sauti moja. Yaliyobaki 55 yalijibiwa na mwanafunzi mmoja mmoja, na 41 kati ya hayo yalijibiwa na wanafunzi 9 walewale, wengi wao wa madawati ya mbele katikati. Wengine 11 waligawana maswali 14. Wanafunzi 44 hawakusikika hata mara moja katika vipindi vitatu. Muda wa kusubiri ulikuwa kama sekunde moja. Kwenye vikaratasi vya kipindi cha tatu, waliopata angalau maswali mawili walikuwa 27 kati ya 61 waliohudhuria.

Ile sekunde moja si kasoro ya mwalimu huyu peke yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa Sayansi nchini Marekani, alisikiliza rekodi nyingi za madarasa, na katika miaka ya 1970 akaandika kwamba walimu kwa kawaida husubiri karibu sekunde moja tu. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na wasiojibu kabisa wakapungua. Alibainisha pia nafasi ya pili ya kusubiri, ambayo wengi hatuifikirii: baada ya mwanafunzi kujibu, kabla mwalimu hajasema lolote.

Mpango wa mzunguko wa kwanza unaandikwaje?

Uwe na badiliko moja, au mawili yanayoshikana. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, yakifaulu hutajua ni lipi lililofaulu. Mwalimu wetu aliamua hivi: hakuna kunyoosha mkono, baada ya swali anahesabu kimoyomoyo mpaka sekunde tatu zipite, kisha anachukua kadi moja yenye namba ya mwanafunzi kutoka kwenye kopo. Kadi iliyotoka hairudi mpaka zote ziishe.

Vitabu vingi vya ualimu hupendekeza vijiti vyenye majina. Mimi napendekeza vipande vya karatasi. Katika shule ambako watoto wamezoea kuona kijiti kikiambatana na adhabu, kifaa cha kuchagua hakipaswi kufanana na kile cha kuadhibu. Na kama mwanafunzi akikosea huchapwa au hudhihakiwa, usianze utafiti huu kabisa. Kitakachopimwa hapo kitakuwa hofu, si namna ya kuuliza.

Wiki mbili zinatosha kwa mzunguko kama huu. Wiki ya kwanza ni ya kuzoeana, usikusanye takwimu, kwa sababu kila kitu kigeni huwasisimua watoto kwa siku chache. Chunguza wiki ya pili.

Matokeo yakitoka tofauti na nilivyotarajia, nimeshindwa?

Hapana. Hapo ndipo kazi inapokuwa na faida. Katika vipindi vitatu vya uchunguzi, mwalimu wetu alitoa kadi 54. Kumi na saba zilikuwa za wanafunzi waliokuwa wakisikika tangu awali, na wote walijibu. Thelathini na saba zilikuwa za wale 44 wa kimya. Kati yao 14 walijibu, na 23 walisimama, wakatazama chini, au wakasema hawajui.

Angeangalia jumla tu, angefurahi, maana waliosikika walitoka 20 wakafika 31. Lakini alipotenganisha makundi mawili aliona kwamba kimya chote kimebaki kwa walewale. Vikaratasi vya mwisho wa kipindi navyo havikusogea: 28 kati ya 60.

Kabla ya kusema kusubiri hakufai, alisikiliza rekodi. Nusu ya kwanza ya kila kipindi alisubiri sekunde tatu kweli. Nusu ya pili, muda ulipoanza kumbana, alirudi kwenye sekunde moja bila kujijua. Hili ni jambo la kulichunguza kila mara: je, nilichokifanya ndicho nilichokipanga? Walimu wengi hutupa mbinu nzuri ambayo kwa kweli hawajaitumia.

Kisha aliwapa wanafunzi karatasi zisizo na majina, na swali moja: «Kadi yako ikitoka, unajisikiaje?» Alipozipanga kwa mafungu, fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la wanaoogopa kuchekwa. Fungu la pili lilisema hawakulisikia swali vizuri, au wamelisahau kwa sababu halikuandikwa. Hilo la pili hakulitegemea kabisa. Alikuwa akisoma maswali kwa sauti kutoka kwenye daftari lake, na darasa lenye watoto 64 lina kelele zake hata likiwa tulivu.

Tafakari yake katika shajara ilikuwa fupi: muda wa kufikiri nimewapa, lakini bado namsimamisha mtoto peke yake mbele ya wenzake 63 akiwa na jibu ambalo hajalijaribu popote.

Kwa hiyo mzunguko wa pili unatofautianaje na wa kwanza?

Unajibu kile kilichoonekana. Mwalimu wetu alibaki na kadi, akabadilisha kinachotokea kabla ya kadi kutoka. Swali linaandikwa ubaoni. Kila mwanafunzi anaandika jibu lake kwenye daftari, kisha anamweleza jirani wa dawati. Hiyo huchukua dakika moja mpaka mbili. Baadaye kadi inatolewa, na mwenye namba anaruhusiwa kusema jibu lake au la jirani yake na kueleza limepatikanaje.

Bila shaka maswali yakapungua. Badala ya 25 kwa kipindi yakawa 10, na hayo 10 ilibidi yastahili dakika zake. Maswali kama «Tano mara tatu ni ngapi?» yaliondoka, yakaingia kama hili: «Juma anasema 1/3 + 1/4 ni 2/7. Amefanya nini, na je, ni sahihi?» Kosa hilo la kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini alikuwa amelikuta mara nyingi kwenye vikaratasi vya mwanzo. Mtoto aliyeliandika kwenye daftari ana jambo la kumwambia jirani hata kama amekosea, na mara nyingi hulirekebisha hapo hapo. Anaweza kumwonyesha kwamba 2/7 ni ndogo kuliko 1/3, na haiwezekani kuongeza kitu kikapungua.

Katika vipindi vitatu zilitoka kadi 30. Kati yake 21 zilikuwa za kundi la kimya, na 16 kati ya hao walizungumza. Mzunguko wa kwanza walikuwa 14 kati ya 37. Vikaratasi: 36 kati ya 62 walipata angalau mawili.

Lakini mwenzake aliyekaa nyuma aliandika jambo ambalo takwimu hizi hazilionyeshi. Kwenye madawati ya watoto watatu, wawili huzungumza na wa tatu husikiliza tu. Na kwenye jozi tatu za nyuma, mmoja alinakili jibu la mwenzake bila mazungumzo yoyote. Huo tayari ni mwanzo wa mzunguko wa tatu. Gharama nayo lazima iandikwe: mada ndogo moja ya azimio la kazi ilichelewa kwa wiki nzima.

Nitajuaje kwamba mabadiliko yametokana na nilichokifanya?

Kwa uhakika kamili hutajua, na usidai. Huna darasa la kulinganisha, wanafunzi wanakua, mada zinabadilika. Katika mfano wetu dai la kwanza, kwamba wanafunzi wa kimya wameanza kuzungumza, lina nguvu. Limehesabiwa na mtu mwingine, linalingana na rekodi ya sauti, na lilitokea mara tu mbinu ilipobadilika wakati mzunguko wa kwanza uliwaacha wengi wao kimya. Dai la pili, kwamba wameelewa zaidi, ni dhaifu. Ni wiki kadhaa za kufanya mazoezi ya sehemu, na huenda wangeongezeka hata bila kuzungumza na jirani. Mwalimu makini ataandika hivyo hivyo.

Dai hilo la pili unaweza kuliimarisha kidogo. Andaa maswali ya vikaratasi yote kabla ya kuanza, yawe ya ugumu mmoja, ili usijikute unarahisisha ya mwisho bila kukusudia. Mwombe mwalimu mwenzako wa somo hilohilo ayatazame. Kisha baada ya wiki tatu rudisha swali moja la zamani bila kutangaza. Waliolikumbuka wiki hiyo wanakwambia zaidi kuliko waliopata siku ya kipindi.

Njia nyingine ni kutazama jambo moja kutoka pembe tatu: unachokiona wewe, wanachosema wanafunzi, na anachokiona mtu wa tatu. Zikikubaliana, endelea. Zikipingana, usichague ile inayokupendeza. Pale zinapopingana ndipo pa kuchimba.

Nina wanafunzi zaidi ya 100 na hakuna mwenzangu mwenye nafasi. Nifanyeje?

Punguza unachokichunguza, usipunguze utaratibu. Chagua madaftari ya kufuatilia kwa kutumia orodha ya mahudhurio, kwa mfano namba 7, 17, 27 na kuendelea. Katika darasa la 110 utapata madaftari 11. Chagua kabla ya kuanza na usibadilishe. Ukichagua baada ya kufundisha, mkono utakwenda wenyewe kwenye madaftari yaliyoandikwa vizuri.

Kwa kuhesabu wanaojibu, ramani ya madawati inaweza kukaa mezani kwako ukaweka alama mwenyewe, au ukarekodi sauti na kutaja namba ya mwanafunzi kila anapojibu, kisha ukahesabu jioni. Sikiliza dakika 15 tu za kipindi, ziwe zilezile kila mara. Usimpe mwanafunzi kazi ya kuwahesabu wenzake. Itamwondoa kwenye somo, na itawafanya wengine wajihisi wanapelelezwa.

Nahitaji ruhusa?

Mwambie mwalimu mkuu au mkuu wa shule kabla ya kuanza, hasa kama utarekodi sauti. Waeleze wanafunzi kwa lugha yao: unachunguza ufundishaji wako, si akili zao, na vikaratasi havitaingia kwenye alama za mitihani. Ahadi hiyo ukiivunja mara moja, mzunguko unaofuata watakujibu unachotaka kusikia. Rekodi zisikilizwe na wewe na mwenzako tu, kisha zifutwe. Ukiandika taarifa itakayotoka nje ya darasa, tumia namba badala ya majina, na ujihadhari na maelezo kama «binti pekee anayetumia miwani», ambayo shule nzima itamtambua. Kama unafanya kwa ajili ya chuo au utachapisha, fuata utaratibu wa ruhusa wa chuo na wa mamlaka za elimu.

Nitapata wapi muda?

Sehemu kubwa iingize kwenye kazi iliyopo. Badiliko liandikwe ndani ya andalio la somo. Tafakari iandikwe kwenye shajara, sentensi tano siku hiyohiyo, maana kesho yake utakuwa umeshaanza kujitetea. Vikaratasi 60 vya maswali matatu, ukivipanga tu kwenye mafungu ya waliopata matatu, mawili, moja na sifuri, havihitaji kusahihishwa kwa kalamu. Usianze mzunguko wiki ya mitihani wala wiki za mwisho wa muhula.

Taarifa niiandikie nani?

Kwanza wenzako. Tanzania Bara, shule zina jumuiya za kujifunza chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hapo ni mahali pake hasa. Kurasa mbili zinatosha: swali, hali ya mwanzo, nilichobadilisha, nilichokiona, nisichokuwa na uhakika nacho. Peleka na ushahidi wenyewe, yaani ile ramani ya madawati yenye alama zake na vikaratasi vichache. Mwenzako akiiona ramani ataanza kuuliza kuhusu darasa lake, jambo ambalo hotuba hailifanyi.

Nitaacha lini?

Acha swali pale badiliko lililofaulu linapokuwa desturi yako hata usipochunguzwa, au pale mizunguko miwili mfululizo inapokuonyesha kwamba kizuizi kiko nje ya uwezo wako. Mwalimu wetu akigundua, kwa mfano, kwamba wale watano waliobaki kimya hawasomi vizuri maandishi ya ubaoni, kuendelea kurekebisha namna ya kuuliza hakutawasaidia. Wanahitaji kupimwa macho na kusoma, na hilo ni suala la kulipeleka kwa mwalimu mkuu na kwa wazazi wao wiki hiyohiyo.